Bondingi hotelini: RCD pekee, waya kila bafu, au wavu wa shaba bwawani?

Msimamizi_Pwani
Wakuu, salaam. Tunakarabati hoteli ya ufukweni na tunapanga bondingi, yaani kuunga metali pamoja zisitofautiane volti. Mabomba ya mabafuni ni ya plastiki na hita za maji ziko darini. Mkandarasi wa kwanza anataka kuvuta waya wa 4 mm² kila bafu, aunganishe bomba, fremu ya alumini hadi kishikio cha taulo. Bwawani atapiga ethi rodi moja pembeni ya ngazi. Wa pili anasema mabafuni RCD, ile breka inayokata umeme ukivuja, inatosha, hela iende kwenye wavu wa shaba kuzunguka bwawa, maana marumaru ya ukingoni yanabanduliwa. Wageni wameshalalamika kwamba wakishika ngazi wakati wa kutoka majini wanahisi shoti ndogo. Nimfuate nani?

Volti240
Weka RCD ya 30 mA kila saketi, umemaliza. Hayo mawaya mengine ni kuongeza bili.

Mama_Ohmu
Volti240, kwa mabafuni uko sawa, ila kuna masharti. BS 7671, kanuni za umeme za Uingereza, inaruhusu kuacha bondingi ya bafuni kama saketi zote za bafu hilo ziko chini ya RCD ya 30 mA, breka zinakata ndani ya muda unaotakiwa, na metali yoyote inayoingia kutoka nje imeshaunganishwa kwenye baa kuu ya ethi. Msimamizi, usikisie: pima kwa mega, kile kipimo cha ukinzani mkubwa, kati ya metali ya bafuni na baa kuu. Ikisoma zaidi ya 22 kΩ, iache kama ilivyo. Kishikio cha taulo kilichofungwa ukutani hakina umeme wa kuleta. Ukikiunga na ethi, ndipo unampa mgeni mahali pa kushika ethi kwa mkono wenye maji.

Kijana_Saketi
Kwangu bomba la kuogea la umeme linapiga shoti kila nikigusa koki. Nipige rodi nje ya bafu?

Mama_Ohmu
Mwanangu, hilo ni jambo lingine. Zima breka yake, usilitumie tena mpaka fundi akague koili na waya wa ethi. Rodi ya nje haitibu koili iliyopasuka.

Volti240
Sawa dada. Basi na bwawani RCD si itakata vilevile?

Mama_Ohmu
Haitakata, kwa sababu shoti ya ngazi huenda haitoki kwenye saketi ya bwawa kabisa. Pale ambapo ethi ya jengo imeungwa na nyutro ya laini, nyutro ikilegea au ikibeba mzigo mkubwa, ethi nzima inapanda volti. Ngazi inapanda nayo, lakini zege lenye maji chini ya miguu linabaki na volti ya ardhi. RCD haioni tofauti hiyo, na haikati waya wa ethi. Msimamizi, pima volti za AC kati ya ngazi na sahani ya chuma uliyoilaza kwenye zege lililolowa, mita moja kutoka ukingoni. Kisha weka rezista ya 1 kΩ sambamba na malitimita, iwe badala ya mwili wa mtu. Halafu zima swichi kuu ya hoteli, upime tena.

Msimamizi_Pwani
Nimepima jioni: 6.5 V bila rezista, 5.8 V nikiiweka. Nilipozima swichi kuu ikabaki karibu ileile.

Mama_Ohmu
Basi si volti hewa. Zingekuwa hivyo zingeporomoka kwa rezista. Hapo karibu 5.8 mA inapita, mtu aliyelowa lazima aihisi. Na kwa kuwa imebaki hoteli ikiwa imezimwa, chanzo kiko nje, kinaingia kwa njia ya ethi. Waite wenye laini waangalie nyutro. Funga bwawa mpaka hapo.

Rodi ya ngazini haitasawazisha volti za ngazi na sakafu. Wavu ndio unaosawazisha: sakafu, ngazi, fremu za taa, pampu na nondo za bwawa zote zipande na kushuka pamoja. Waamerika wanataka ufike walau futi 3 kutoka ukingoni, matundu ya inchi 12. Kanuni za kimataifa za IEC zinahesabu eneo la mita 2 na zaidi kwa metali zinazoshikika. Waya mmoja wa kuzunguka bwawa ni nafuu na unasaidia, lakini marumaru yakiwa yamebanduliwa mimi ningelaza wavu.

Fundi_Chumvi
Mbona hamuitaji TT? Tenga ethi ya bwawa, rodi yake na RCD yake, volti za nyutro hazifiki.

Mama_Ohmu
Kwa bwawa lililo mbali na jengo ni njia nzuri. Hapa nondo za bwawa huenda zimeshikana na za msingi wa hoteli, na utengano wote unapotea. Apime kwanza kati ya nondo na baa kuu, ethi ya bwawa ikiwa imechomolewa.

Fundi_Chumvi
Haya. Ila shaba kuungwa na nondo kwenye udongo wa chumvi, nondo zitaliwa. Nimeona zege likipasuka.

Mama_Ohmu
Nondo zikiwa ndani ya zege zima hazisumbui sana. Hatari ni pale zege lilipopasuka au chuma kimegusa udongo. Kwa bwawa la zamani siwezi kukuhakikishia bila kuona zege lenyewe.

Msimamizi_Pwani
Nondo na baa kuu zinasoma 0.4 Ω, ethi ikiwa imechomolewa. Kwa hiyo TT nimeiacha. Wa pili anaanza na wavu. Kona moja ya zege ina ufa, nitaichimba kabla hajaunga chochote hapo.