Naomba ushauri: ratiba ya warsha ya siku moja Iringa, wazungumzaji huwa hawamalizi kwa wakati

Kihesa_Juu: Wakuu, habari za leo. Nimepewa kazi ya kuandaa warsha ya viongozi wa vikundi vya wakulima wa parachichi, Jumamosi ijayo, hapa Iringa mjini. Washiriki ni 64, wengine wanatoka Kilolo na Mafinga. Ratiba niliyopanga ni hii: usajili saa 2:00, ufunguzi 2:30, mada mbili kuanzia 3:00 za dakika 45 kila moja, chai 4:30 hadi 4:45, kisha mada tatu mfululizo hadi saa 7:00. Chakula kwa muda wa saa moja. Mchana ni kazi za makundi, kuwasilisha na kufunga saa 10:00. Hofu yangu ni wazungumzaji. Niwabane vipi bila kuwavunjia heshima?

Mama_Kuku_Ipogolo: Posho weka vizuri kaka, ndiyo inayoharibu warsha. Watu 64 kusaini na kuhesabiwa nauli saa 10:00 ni zaidi ya nusu saa, na gari za Mafinga hazimsubiri mtu. Wasaini wakati wa chakula, malipo yaende kwa simu jioni. Ukilipa mchana, robo ya ukumbi hutaiona tena.

Kihesa_Juu: Asante dada, ila nilimaanisha muda wa ziada kwa wanaopitiliza, si posho.

Mzee_wa_Itifaki: Kijana, weka kengele. Dakika zikiisha, gonga. Sisi zamani tulikuwa na nidhamu, mtu akipewa nusu saa anatumia nusu saa. Na futa hiyo chai ya katikati, utaokoa muda mwingi.

RatibaKazini: Mzee shikamoo. Kwenye kengele tuko pamoja, kwenye chai hapana. Mtu wa Mafinga ana kilomita kama 80 barabarani. Mwezi huu wa baridi ameondoka alfajiri bila kutia kitu mdomoni. Ukifuta chai atatoka mwenyewe katikati ya mada, mmoja mmoja, na mlango hautatulia.

Tatizo ni dakika 15. Mtu mmoja mezani, kuchukua kikombe, chai, sukari na andazi, hutumia kama sekunde 25. Kwa watu 64 ni dakika 26 au 27 kwenye foleni moja, hata choo hatujakitaja. Meza mbili zilizo mbali zinakushusha hadi 13 au 14. Na usiweke birika moja katikati ya hizo meza, maana foleni zote zitaungana pale.

Kihesa_Juu, kuna kitu hujasema. Kwa nini mada tatu zimebanwa kabla ya saa 7:00 na mchana hakuna hata moja?

Kihesa_Juu: Nimeona tu watu husinzia mchana.

RatibaKazini: Na ukumbi mmeukodi hadi saa ngapi?

Kihesa_Juu: Hadi saa 7:00 mchana. Baada ya hapo wapambaji wa harusi wanaingia. Mchana tunahamia vyumba viwili vya madarasa ng'ambo ya uwanja, kila kimoja viti 35. Lakini malipo ya awali nimeshatoa, na bei ilikuwa nzuri kuliko kumbi zote nilizouliza. Kubadilisha siwezi. Mada ya mwisho kabla ya chakula ni ya mwenyekiti wetu, nimempa nafasi ya heshima.

RatibaKazini: Basi swali limebadilika. Saa 7:00 si kikomo chako, ni cha mwenye ukumbi, kwa hiyo panga kwa kurudi nyuma kutoka hapo. Kila mzungumzaji akizidisha dakika 7 tu, mada tano ni 35. Ongeza kumi na kitu za chai. Utamaliza karibu saa 7:50 huku maturubai ya harusi yakiingia. Na mwenyekiti ndiye atakayekuwa jukwaani wapambaji wakifika, yaani mtu pekee usiyeweza kumkatiza.

Mpe mwenyekiti mada ya kwanza, baada tu ya ufunguzi. Akipitiliza kuna mapumziko mbele yake ya kumeza hizo dakika. Kisha ratiba iwe hivi: usajili pamoja na chai 2:00 hadi 2:45, ufunguzi hadi 3:15, mada mbili za dakika 40 hadi 4:35. Mapumziko hadi 5:00, maji na matunda tu. Dakika 15 ndizo mapumziko ya kweli, 10 ni akiba. Mada mbili nyingine hadi 6:20. Dakika 20 zinazofuata ziandike "majumuisho ya asubuhi". Wote wakienda na wakati, fanya majumuisho kweli. Wakipitiliza, dakika hizo zimeshaliwa na hakuna anayejua. Saa 6:40 watu wanaanza kutoka.

Katika zile 40, mwambie mzungumzaji ana 25. Kumi ni za maswali, tano za kubadilishana kipaza sauti na slaidi. Anayepitiliza anakula maswali yake mwenyewe, si muda wa mwenzake. Mtunza muda akae safu ya mbele na kadi tatu: 10, 5, 1. Kadi ya 1 ikinyanyuliwa, mshereheshaji asimame pembeni ya jukwaa. Kwa mzungumzaji mzito hilo lina adabu kuliko kengele.

Mzee_wa_Itifaki: Marahaba. Chai kwenye usajili mimi bado sikubali. Watakaochelewa watakunywa wakati mgeni rasmi anaongea.

RatibaKazini: Hilo ni kweli, na dawa kamili sina. Meza ikiwa nje ya mlango kelele hupungua, lakini viti vya nyuma vitakuwa wazi.

Nyundo_ya_Ukweli: Subirini kwanza. Watu 64, mada 5, vyumba viwili vya 35, harusi saa 7 kamili. Hesabu imetulia mno. Hili ni swali la mtihani wa chuo, na mtu anafanyiwa kazi hapa. Ukumbi unaitwaje?

Kihesa_Juu: Jina siliweki, sitaki kumharibia mwenye ukumbi. Si mtihani. Madirisha ya vyumba yote yanatazama magharibi na pazia ni moja tu, nani angetunga hilo?

Nyundo_ya_Ukweli: Mtu anayejua kutunga.

Sao_Hill: Mkuu, kama yanatazama magharibi, projekta saa 9:00 haitaonyesha kitu. Tumieni bango kitita. Mimi naona shimo kubwa zaidi: makundi yakimaliza, watu 64 watawasilisha wapi? Chumba ni cha 35.

Kihesa_Juu: Nilifikiri tutabanana kidogo.

RatibaKazini: Wengine karibu 30 wasimame ukutani? Hapana. Sao_Hill ameliona. Gawa washiriki 32 na 32 tangu usajili, rangi mbili kwenye vitambulisho, ili baada ya chakula kila mtu ajue mlango wake. Saa 8:00 hadi 8:40 chumba cha kwanza kinasikiliza mada ya tano, cha pili kinafanya kazi ya makundi. Dakika tano, wabadilishane, hadi 9:25. Anayezungumza anarudia mara mbili, kwa hiyo mwombe mapema. Washiriki hawahami vyumba. Anahama yeye na msimamizi wa makundi.

Kuwasilisha, tundikeni karatasi za bango kitita barazani na watu wapite wakisoma hadi 9:50. Mvua mwezi huu hakuna, upepo upo. Kila karatasi ibandikwe pembe zote nne.

Kihesa_Juu: Na kama mwenyekiti atakataa kuwa wa kwanza? Huwa anafika saa 4:00.

Mama_Kuku_Ipogolo: Basi awe wa kwanza baada ya mapumziko, saa 5:00. Kadi utampa nani amwonyeshe?

RatibaKazini: Hapo utabaki na zile dakika 20 za majumuisho tu nyuma yake. Mpigie leo kabla hujachapisha ratiba. Na funguo za vyumba vyote viwili chukua Ijumaa jioni. Mlinzi wa Jumamosi mara nyingi huwa na funguo ya geti tu.