Tiketi tatu za kazi moja, na ya nne isiyohusika ndiyo wameifunga kama rudufu!

MpimaMifumo (mleta uzi)

Wakuu, habari za muda huu. Nina hasira, mnivumilie.

Mimi ni mtu wa majaribio kwenye kampuni inayouza bidhaa mtandaoni, malipo yanapitia simu. Sitaitaja. Foleni yetu ya kazi kwenye Jira imefurika kiasi kwamba hakuna anayeisoma tena. Mtu akikutana na tatizo anafungua tiketi mpya, maana kutafuta kama ipo ya zamani kunamchosha kuliko kuandika upya.

Sasa oneni kilichotokea. Huduma kwa wateja walifungua "Mteja amekatwa mara mbili". Kijana wa ghala akafungua yake, "Risiti mbili kwa oda moja". Dada wa uhasibu naye akaandika kwamba miamala ya siku hailingani na mauzo. Kazi ni ile ile moja: mteja anabonyeza Lipa, mtandao unasuasua, simu inasubiri sekunde 30 inakata tamaa, mteja anabonyeza tena, na maombi yote mawili yanapita.

Tiketi ya kwanza ikaenda kwa developa wa upande wa simu. Akakifanya kitufe kisibonyezeke mara ya pili. Ya pili ikaenda kwa developa wa seva, naye akaweka sharti kwamba namba ya kumbukumbu ya malipo isijirudie kwenye jedwali. Hakuna aliyejua mwenzake yupo kwenye kazi hiyo hiyo. Mteja akifunga programu na kuifungua upya, kitufe kinarudi hai. Na kila akibonyeza, simu inatunga namba MPYA ya kumbukumbu! Kwa hiyo lile sharti la seva halishiki kitu, linaangalia tu namba mbili tofauti zikipita. Watu wawili wamelipwa kwa kazi moja na kazi haijafanyika.

Meneja wa bidhaa alivyosikia kelele akasema "tusafishe foleni". Akakaa peke yake jioni, akawa anafunga kwa kusoma vichwa vya habari. Kulikuwa na tiketi ya nne, "Mteja amerudishiwa mara mbili". Akaona "mteja", akaona "mara mbili", akaifunga kama rudufu ya ile ya kwanza. Jamani! Ile ni pesa inayotoka KWETU. Karani anarudisha kwa mkono, halafu usiku mfumo unarudisha wenyewe kwa sababu karani hana mahali pa kuweka alama kwamba ameshalipa. Haina uhusiano wowote na kitufe cha Lipa. Tiketi imelala kwenye zilizofungwa na pesa inaendelea kutoka.

Nauliza: kwenu nani ana mamlaka ya kusema kazi hizi mbili ni moja? Na mnajuaje?

Kibo_88

Mkuu pole. Mimi nilinunua umeme mwezi jana nikakatwa mara mbili, tokeni ikaja moja. Nipige namba gani nirudishiwe?

MpimaMifumo

Kaka, huu uzi sio wa hayo. Nenda na ule ujumbe wa muamala kwa waliokuuzia.

Msimbo_Mtamu

Mleta uzi unalia kitu chepesi sana. Hamisha tiketi zote kwenye PostgreSQL, washa pg_trgm, linganisha vichwa. Zinazofanana zinajileta zenyewe, unafunga, unaenda kunywa chai. Hata wingi wa viambishi vyetu hauisumbui, maana inakata neno vipande vya herufi tatu tatu. "imekatwa" na "amekatwa" zinapata 0.5, na kiwango cha kukubali ni 0.3. Kwenye Jira ukitafuta "imekatwa" huipati iliyoandikwa "amekatwa", na huwezi kuanza neno na nyota.

```sql
CREATE EXTENSION pg_trgm;
SELECT a.namba, b.namba,
       similarity(a.kichwa, b.kichwa) AS s
FROM tiketi a
JOIN tiketi b ON a.namba < b.namba
WHERE a.kichwa % b.kichwa
ORDER BY s DESC;
```

BiMkubwa_Foleni

Mwanangu Msimbo, hapo kwenye viambishi umesema kweli, na hiyo hoja nitaiiba. Ila ungeijaribu kwanza kwa tiketi za mleta uzi kabla ya kumpeleka kwenye chai. Mimi nimeijaribu sasa hivi.

"Mteja amekatwa mara mbili" dhidi ya "Mteja amerudishiwa mara mbili": 0.58. Inakaa juu kabisa ya orodha.

"Mteja amekatwa mara mbili" dhidi ya "Risiti mbili kwa oda moja": chini kidogo ya 0.2. Haifiki 0.3, haionekani kabisa.

Yaani chombo chako kingefanya kosa lile lile la meneja, tena kwa kasi zaidi. Kinachofanana ni maneno ya mlalamikaji. Yule wa huduma kwa wateja anaandika alichoambiwa kwenye simu, wa ghala anaandika alichokiona kwenye karatasi, na mhasibu anaandika jumla iliyokataa. Hakuna hata mmoja aliyeona kitufe. Hiyo orodha itumie kuchagua zipi zisomwe na mtu, isifunge kitu.

Mimi kazi hii nimeifanya miaka, na ninapoanzia si kichwa cha habari. Naanzia namba ya oda. Chukua oda tatu za malalamiko ya "amekatwa", nenda kwenye logi, tazama maombi ya malipo ya kila oda. Ukikuta mawili yenye namba tofauti za kumbukumbu, yamepishana sekunde 30 na kidogo, umeipata alama ya tatizo lako. Halafu chukua zile oda za risiti mbili za ghala. Alama ni ile ile? Basi ni kazi moja, hata kama maneno hayakaribiani. Chukua na za kurudishiwa: pale utakuta ombi MOJA la malipo na marejesho mawili, moja lina jina la karani, jingine limetoka usiku. Hiyo alama nyingine, kazi nyingine.

Swali ninalowauliza vijana wangu ni hili: nikiirekebisha hii na nisiiguse ile, yule aliyeripoti ile atanyamaza? Kama jibu ni "labda", hatuunganishi. Tunaweka kiungo cha "relates to" na zote mbili zinabaki wazi. Ya mhasibu wenu mimi ningeiacha kwenye "labda". Miamala isiyolingana inaweza kuwa na malipo ya mara mbili NA marejesho ya mara mbili ndani yake. Ukiifunga chini ya mojawapo, nusu inapotea.

MpimaMifumo

Bi Mkubwa, shikamoo. Hapo kwa mhasibu sikukubali mara moja, ila nimeangalia siku mbili za hesabu zake na kweli zimo za aina zote mbili. Shida yangu kubwa ni kwamba namba ya oda haipo kwenye tiketi! Wanabandika picha ya ujumbe wa simu. Namba imo ndani ya picha, na kutafuta kwa Jira hakusomi picha.

BiMkubwa_Foleni

Marahaba. Basi hapo ndipo pa kugombania. Sisi tulifanya sehemu ya namba ya oda iwe lazima kwenye fomu ya kufungulia tiketi. Walinuna, wakazoea.

Jaribosi

Sisi hatutumii Jira, tunatumia mfumo wa tiketi za wateja, na pale kuna kitufe cha kuunganisha kabisa. Onyo: ukishaunganisha hakurudi nyuma. Mwenzetu aliunganisha wateja wawili wenye majina yanayofanana, mmoja akaanza kupokea majibu ya mwenzake yenye anwani yake ya nyumbani. Afadhali hiyo ya kwenu inayofunguka.

BiMkubwa_Foleni

Ndiyo, Jira tunayotumia sisi haina kuunganisha. Unaweka kiungo cha "duplicates", unaifunga kwa Duplicate, basi. Na hapo ndipo wengi wanapoharibu: maoni, viambatisho na waliokuwa wanaifuatilia havihami. Aliyeripoti anapata barua kwamba tiketi yake IMEFUNGWA, anajua amepuuzwa, anafungua nyingine kesho yake. Foleni inajizalisha yenyewe. Bugzilla ilishalifikiria hili, ukifunga kama rudufu inamwongeza mwenye tiketi kwenye orodha ya wanaoarifiwa kwenye ile inayobaki. Kwenye Jira fanya kwa mkono: mwongeze kama mfuatiliaji, nakili namba zake za oda, halafu ndipo ufunge.

Na inayobaki si lazima iwe ya zamani zaidi. Ibaki yenye hatua za kulirudia tatizo.

Afisa_Takwimu

Mimi ni upande wa uongozi, naona mnamponda meneja. Kusafisha ni lazima. Foleni ikionyesha tiketi mia nne, mwekezaji anauliza. Zikishuka, kila mtu analala.

MpimaMifumo

Mkuu, ndiyo hapo hapo penye ugonjwa. Kwetu ripoti ya Ijumaa inahesabu zilizofungwa. Rudufu nayo inahesabiwa kama kazi iliyokamilika! Wiki ile meneja alipongezwa kwenye kikao. Kuna mtu nashuku anafungua mbili makusudi ili aifunge moja, sina ushahidi.

Msimbo_Mtamu

Hiyo inachujwa kirahisi. Kwenye ripoti weka hivi, rudufu zinatoka kwenye hesabu:

```
statusCategory = Done AND resolution != Duplicate
```

Nakubali vichwa peke yake havitoshi. Lakini bado nasema endesha ile hoja kwenye maelezo ya ndani pia, siyo vichwa tu. Na mtu akibandika logi kama maandishi, ujumbe wa kosa utafanana hata kama yeye hafanani na mwenzake.

Jaribosi

Maelezo marefu yatashusha alama lakini. Tiketi mbili zenye kosa lile lile, moja ina mistari mitano nyingine hamsini, zinaweza zisifike 0.3.

Msimbo_Mtamu

Kuna word_similarity kwa ajili hiyo, unaichukua ile sentensi ya kosa unaitafuta ndani ya maelezo. Nitaijaribu nilete majibu.

MpimaMifumo

Nimeifungua upya ile ya marejesho na nimemtaja mhasibu. Meneja ameshaandika chini yake: "Si tulishaifunga hii?" Nimembandikia oda moja yenye ombi moja la malipo na marejesho mawili. Hajajibu. Ile ya kitufe na ile ya seva nimeziweka chini ya tiketi moja: namba ya kumbukumbu itungwe mara moja oda inapozaliwa, siyo kila mtu anapobonyeza. Developa wa seva amekubali. Wa simu anasema yake ilishakamilika, imehesabiwa Ijumaa iliyopita, haifungui.