Shairi la babu: "dege" ni manowari za 1896?

Kijana wa Fuoni: Assalaam alaykum. Kesho kutwa nawasilisha darasani uchambuzi wa shairi la marehemu babu yangu la kupinga ukoloni, na nimekwama. Ubeti wenyewe:

*Wamekuja na sindano, wasema ni ya tabibu*
*Konde zetu za mavuno, dege latua karibu*
*Tuliponyanyua neno, twafungwa bila sababu*
*Ng'ombe hatoi maneno, mwenyewe ndiye ajibu*

Mimi nasema ni Agosti 1896, Waingereza walipolipiga mizinga kasri la Sayyid Khalid bin Barghash hapa Unguja. Sindano ni mizinga, dege ni manowari. Naogopa kuulizwa ushahidi.

Karafuu Mbichi: Hiyo "twafungwa" ni mgomo wa 1948, ulioanzia bandarini. Babu yangu alikuwa mchukuzi pale, mpaka anakufa akiusimulia.

Mama Nasra: Mwanangu, ungemkalisha babu akiwa hai ukamuuliza. Wazee wanaondoka nayo.

Mzee wa Mkoani: Kijana, babu yako alikuwa mtu wa wapi?

Kijana wa Fuoni: Kiembesamaki, sheikh. Kazaliwa 1928, akifuga ng'ombe. Sikutaja kwa sababu muhtasari nimeshampa mwalimu, na 1896 inajulikana zaidi. Mizinga ina uzito.

Mzee wa Mkoani: Basi jibu ulikuwa nalo. Mizinga ya 1896 ilitoka baharini, ikaisha hata saa nzima haijatimia. Konde iko wapi hapo? Kiembesamaki mwaka 1951 serikali ilitaka kuchanja ng'ombe wasipate kimeta. Wakulima wakakataa, maana walikuwa na kinyongo cha ardhi iliyochukuliwa kwa uwanja wa ndege. Waliokataa wakafungwa. Watu walipokwenda kuwatoa, polisi wakapiga risasi, wakafa watu. Ndivyo Vita vya Ng'ombe.

Kwa hiyo sindano iache iwe sindano. Inauma kwa kuwa imeshikwa na mkono uleule uliochukua shamba. Soma "wasema ni ya tabibu": shaka yote imo katika "wasema". Karafuu Mbichi, kufungwa peke yake hakutoshi kutupa mwaka. Ng'ombe na konde ndio wanaotufikisha.

Pweza Mkavu: Mimi siamini. Sindano, uwanja na jela vimepangwa kama kitabu cha historia. Na mzee wa 1928 aliyesoma chuo cha Kurani angeandika kwa hati za Kiarabu.

Kijana wa Fuoni: Wallahi ni la babu! Daftari ni la hati za Kiarabu kweli. Mama kanisomea, mimi nikaandika.

Mzee wa Mkoani: Hapo pana kazi. Katika hati zile, nuni ya kabla ya dali mara nyingi haiandikwi, kwa hiyo "dege" na "ndege" huonekana sawa. Angalia kitendo: kikianza kwa lamu ni "latua", basi ni dege, kikianza kwa yee ni "yatua", basi ni ndege. Dege ni zito zaidi, maana ndilo pia jina la maradhi yanayowatetemesha watoto.

Pweza Mkavu: Hata hivyo, anaweza kuwa alitunga miaka ishirini baadaye, kwa kukumbuka.

Mzee wa Mkoani: Anaweza. Andika "linahusu 1951", usiandike "lilitungwa 1951".

Kijana wa Fuoni: Tarehe haimo daftarini. Muhtasari nitaomba nibadilishe. Mama keshapiga picha ukurasa: ni lamu.