Picha za vyondo na vyungu: rangi haifanani na mali, na doa la moshi wateja wanaliita ufa. Nirekebishe nini?

Mchuuzi_Ngara
Salamu wadau. Nauza vyondo vya katani na vyungu vilivyochomwa kwa moto wa wazi, duka liko mtandaoni. Malalamiko ni mawili. Kiondo cha katani isiyotiwa rangi kwenye picha kinatoka kijivu, mteja akikipokea anakuta kina umanjano. Vyungu navyo vina mabaka meusi ya moshi na midomo iliyopinda kidogo, basi mtu anafungua mzigo anasema nimemtumia kilichopasuka. Napiga kwa simu, mezani kando ya dirisha la mashariki, kama saa tatu asubuhi, taa ya dari ikiwaka, karatasi ya manila nyeupe nyuma. Sinunui taa za studio kwa sasa. Nianzie wapi?

Kivuli_Mwanana
Hamia dirisha la kaskazini, basi. Jua haliingii hapo, mwanga unakuwa mwororo kutwa. Ndivyo wapiga picha wote wanavyofundisha.

Babu_Vanishi
Dada, hayo mabaka mbona kazi ndogo? Piga msasa laini, paka vanishi mara mbili, chungu kinang'aa kama kipya.

Udongo_na_Mwanga
Babu, hajauliza namna ya kuyaondoa. Baka jeusi linatokea pale kuni au majani yalipogusa chungu motoni, moshi ukanasa kwenye udongo. Wapo wanaonunua chungu kwa ajili ya hilo baka. Vanishi nayo inaleta mng'ao mweupe kwenye picha, na chungu cha kupikia haipaswi kupakwa kabisa.

@Kivuli_Mwanana, ushauri wa kaskazini umetoka Ulaya, ambako jua hupita kusini mwaka mzima. Sisi Nairobi tuko karibu nyuzi 1.3 tu kusini mwa ikweta. Mwezi wa sita jua linapita upande wetu wa kaskazini, kwa hiyo dirisha la kaskazini ndilo linalopigwa na jua na la kusini ndilo lenye kivuli. Desemba mambo yanageuka. Mchuuzi asihame nyumba: dirisha la mashariki alitumie kuanzia saa nane mchana, jua likishavuka paa. Mwenye dirisha la magharibi apige asubuhi. Na ile Julai ya mawingu mazito ni msimu mzuri sana wa kazi hii, maana anga lote limekuwa pazia.

Sasa rangi ya kijivu. Sababu ni mbili, na zote unazo. Kwanza zima hiyo taa ya dari. Balbu ina mwanga wa manjano, dirisha lina mwanga wa samawati, na simu haiwezi kusawazisha yote mawili kwa pamoja. Ikiridhisha balbu, upande wa kiondo unaoelekea dirishani unapauka na kuwa baridi. Pili, simu ikiona karatasi nyeupe imejaa kwenye fremu inadhani kuna mwanga kupita kiasi, inatia giza. Gusa kiondo kwenye kioo cha simu, shikilia mpaka uone AE/AF LOCK (simu nyingine zinaonyesha kufuli tu), kisha sogeza alama ya jua juu kidogo, mpaka karatasi ionekane nyeupe ila bado unaona kivuli chake. Kama simu yako ina hali ya Pro, weka WB, yaani usawa wa rangi, mahali ambapo karatasi haionekani ya samawati wala ya manjano, na usiiguse tena mpaka umalize vyondo vyote vya siku hiyo.

Kapu_Kariokor
Kwangu shida ni nyingine. Kiondo cha msuko wa karibu karibu kikipandishwa dukani kinatoa mawimbi ya ajabu, kama maji. Kwenye simu picha ni safi. Kamera mbovu?

Udongo_na_Mwanga
Kamera haina kosa. Mistari ya msuko inagongana na vidoti vya kioo picha inapopunguzwa. Sogea karibu au mbali kidogo, au zungusha kiondo kidogo, halafu upunguze picha mwenyewe kabla ya kuipandisha ili uone mapema. Na usipige ukiwa umekaribia kwa 1x: mdomo unavimba, kitako kinakuwa chembamba, mteja anadhani kiondo kina umbo la faneli. Rudi nyuma kama mita moja na nusu, tumia 2x, kamera iwe usawa wa katikati ya kiondo.

Mchuuzi_Ngara
Asante. Na vyungu? Hapo ndipo ninapolazimika kuwarudishia wateja pesa.

Udongo_na_Mwanga
Tuchukue chungu kimoja cha kimo cha sentimita 22 hivi, chenye baka ubavuni. Kabla ya picha hakikisha ni kikavu kabisa, maana udongo wenye maji unakuwa mweusi zaidi na rangi itakudanganya. Kigonge kwa kifundo cha kidole. Kizima kinalia, chenye ufa kinatoa sauti butu. Ukiwa na shaka, kijaze maji usiku kucha: ufa utajichora kama mstari mweusi, lakini chungu kizima kisichotiwa glezi kinaloa kwa jumla. Kikishakauka kwa siku kadhaa, ndipo upige.

Kiweke kama sentimita 80 kutoka dirishani, mwanga uje kutoka ubavuni, usitoke nyuma ya simu. Mwanga wa mbele unafuta alama za vidole vya mfinyanzi, chungu kinaonekana kama cha plastiki. Upande wa pili simamisha kartoni iliyobandikwa karatasi nyeupe. Ukiisogeza karibu sana kivuli kinakufa pamoja na umbo, kwa hiyo irudishe nyuma taratibu mpaka upande wa giza uonekane bila kupotea.

Piga picha nne: mbele, baka kwa karibu, mdomo kutoka juu, na kitako. Ile ya baka ndiyo inayomaliza ugomvi. Mwanga wa ubavuni ukipita juu ya ufa, ufa unatupa kivuli chembamba. Juu ya baka la moshi hautupi chochote, kwa sababu uso ni laini. Mteja anaona tofauti mwenyewe. Chini yake andika wazi: «Baka jeusi ubavuni ni la moshi wa kuchomea, halifutiki. Kimo sm 21.5 hadi 22, mdomo haujanyooka. Hakijatiwa glezi, kinavuja jasho kikiwekwa maji.»

Na zima ile kazi ya simu ya kulainisha picha. Inaondoa vinyweleo vya katani na chembe za mchanga kwenye udongo.

Kivuli_Mwanana
Sawa, nimekubali la jua. Ila je, si rahisi kupiga nje chini ya mti? Kivuli ni bure.

Udongo_na_Mwanga
Bure, ndiyo, na majani yanakurudishia kijani juu ya katani. Ukuta wa waridi nao vivyo hivyo. Ukitaka nje, kaa kwenye kivuli cha jengo, juu ya sakafu ya saruji.

Kapu_Kariokor
Kuhusu manila nyeupe mimi sikubaliani. Gunia au ubao mkavu unauza zaidi, mtu anaona kiondo nyumbani kwake.

Udongo_na_Mwanga
Ubao uwe picha ya tano. Katani juu ya gunia zinakaribiana rangi, ukingo unapotea kwenye picha ndogo ya dukani.

Kapu_Kariokor
Hapo tutabishana tu.

Mchuuzi_Ngara
Swali moja: vyungu 12 vya aina moja, kila kimoja nikipige mara nne, au nionyeshe kimoja na kuandika kwamba vinatofautiana?

Udongo_na_Mwanga
Vyenye mabaka makubwa, kila kimoja na ukurasa wake. Vidogo vya bei ya chini, weka picha moja ya vyote 12 vimepangwa safu, kila kimoja na namba kwenye kipande cha karatasi mbele yake, mteja achague namba. Akishachagua, mtumie picha ya kile chenyewe kabla hujafunga mzigo.