Notisi ya "tuache siasa na dini" kwenye grupu la kazi imezua vita kuliko siasa yenyewe

Karani_wa_Shimanzi

Wadau, nimechoka. Niko kampuni ya klaringi hapa Mombasa na grupu letu la Wasapu lina kila aina ya mtu: Waislamu, Wakristo, wenyeji wa Pwani, waliotoka bara, wa chama hiki na wa chama kile. Grupu lilifunguliwa kwa ajili ya kazi: kontena limetoka, gari liko wapi, nani yuko zamu ya usiku. Siku hizi ukilifungua asubuhi unapokewa na sauti ya mahubiri ya dakika sita, chini yake video ya mwanasiasa, chini yake watu wanaulizana "kwani nyinyi mmetufanyia nini".

Wiki iliyopita dereva alikuwa getini anaomba namba ya delivari oda. Ujumbe wake ulikuwa mstari mmoja, umebanwa kati ya mabishano ya nani ataingia peponi na nani ameiba kura. Hakuna aliyeuona mpaka jioni, na kontena likalala bandarini. Mteja analipa stoheji, anatupigia simu anatutukana, na hapo ana haki.

Basi admini wetu, ambaye ndiye mkuu wa shughuli, akaandika notisi. Nainakili kama ilivyo:

"Asalaam aleikum na Bwana asifiwe. Kuna baadhi yetu wanaleta mahubiri na propaganda za upinzani humu. Hii ni kampuni si kanisa. Wenye akili wameelewa. Atakayeendelea ataona. Mungu atusaidie."

Aliituma dakika tatu baada ya dada mmoja wa akaunti kuweka aya ya Biblia. Kisha akaifuta ile aya, lakini mawaidha ya Ijumaa yaliyowekwa juu yake akayaacha. Kesho yake yeye mwenyewe akaweka picha ya kiongozi wa serikali akikagua barabara, na dole gumba juu!

Sasa grupu limegawanyika. Dada wa akaunti hajibu tena hata mambo ya malipo. Nami ni admini wa pili, bosi ameniambia "rekebisha hayo maneno". Nirekebishe nini wakati jamaa ameshamwaga petroli? Hivi ni vigumu kiasi gani kumwambia mtu mzima asibishane kazini bila kumtia kidole jichoni?

Kasha_Tupu

Toka kwenye grupu, ndugu yangu. Mimi nilitoka la kwetu na presha imeshuka.

Karani_wa_Shimanzi

Kasha, hukusoma. Grupu ndiyo kazi yenyewe. Nikitoka, zamu yangu nitaijua kwa ramli?

Wakili_wa_Barazani

Mwambie admini wako ajihadhari, anaweza kufungwa. Kuna Sheria ya Uwiano na Utangamano wa Kitaifa ya 2008, kifungu cha 13. Kubishana dini kwenye grupu ni matamshi ya chuki, na admini ndiye anayebeba mzigo. Andikeni kwenye notisi kwamba siasa na dini ni kosa la jinai, watanyamaza wote.

Bi_Kikoi

Wakili, sheria umeitaja vizuri lakini umeinyoosha kupita kiasi. Kifungu hicho kinazungumzia kuchochea chuki ya kikabila, rangi, asili au utaifa. Mtu anayesema "mimi naamini hivi, wewe umepotea" anaudhi, lakini huyo siye mlengwa wa kifungu. Tena kubishana siasa si jinai. Katiba kwenye Ibara za 32 na 33 inalinda imani na maoni. Ukiandika uongo kwenye notisi, mtu wa kwanza atakayeisoma Katiba atawaumbua mbele ya grupu zima.

Sheria inayomhusu Karani ni ya Ajira, ya 2007, kifungu cha 5. Mwajiri haruhusiwi kumbagua mfanyakazi kwa dini wala kwa maoni ya kisiasa. Kufuta aya ya mmoja na kuacha mawaidha ya mwingine, kisha kuandika "si kanisa", ni kumtengenezea dada wa akaunti faili la malalamiko. Nimekaa miaka mingi kwenye utawala wa wafanyakazi, na faili za aina hii huanza na skrinishoti moja tu kama hiyo.

Tuje kwenye maneno. Karani, isome tena kama mtu wa upande wa pili. "Baadhi yetu": kila mtu atahesabu ni nani. "Mahubiri" na "kanisa" yameshika dini moja, ile nyingine imepita salama. "Upinzani" umeshika siasa za upande mmoja, na "propaganda" ni hukumu tayari. "Wenye akili" ni tusi kwa waliobaki. "Ataona" haisemi ataona nini, kwa hiyo kila mtu anajiwazia la kwake. Hata salamu: ukiweka mbili unadhani umesawazisha, kumbe umewaacha wengine wasio wa huku wala kule, na umefungua notisi ya kuzuia dini kwa dini. "Habari zenu" inatosha.

Mzee_wa_Plot

Kweli kabisa. Mimi ni keateka wa plot Mikindani, grupu letu la wapangaji walianza kugombana juu ya maji, nikaandika "mwenye hasira ahame". Wawili wakahama, na kodi ya miezi miwili sijaiona. Nisaidieni, nawadai vipi?

Bi_Kikoi

Mzee, hilo fungulia uzi wake, litapata majibu mazuri zaidi.

Karani, mimi ningeandika hivi:

"Habari zenu. Grupu hili ni la kazi: zamu, mizigo, magari, hati na dharura. Kuanzia Jumatatu, tusiweke humu mijadala ya siasa wala ya dini, ya upande wowote, iwe kwa maandishi, sauti, picha au video. Salamu za sikukuu, taarifa za misiba na maombi ya kubadilishana zamu kwa ajili ya ibada yanaendelea kama kawaida. Ujumbe utakaokwenda kinyume utafutwa bila kujali umetoka kwa nani, na aliyeutuma ataarifiwa kwa faragha. Mwenye swali au lalamiko aende ofisi ya utawala. Asanteni."

Angalia nimesema "tusiweke", si "msiweke". Admini naye amo, na ile picha yake ya barabara isingepita. Nimeweka siku ya kuanzia ili yaliyopita yasihukumiwe. Na yale yanayoruhusiwa nimeyataja, kwa sababu usipoyataja, mtu atakayeandika "naomba kutoka mapema Ijumaa" atajiona amevunja sheria.

Karani_wa_Shimanzi

Hapo umenigusa. Lakini swali: kila mwaka Ramadhani ikifika mwisho, grupu linawaka kwa "Idd ni kesho au keshokutwa". Wengine wameshapata habari ya mwezi kutoka nje, wengine wanasema haujaonekana hapa kwetu. Hiyo ni dini, lakini mimi napanga zamu, lazima nijue nani hayupo!

Bi_Kikoi

Wewe unataka kujua nani hayupo, si nani yuko sahihi. Siku mbili kabla, andika: "Anayeomba ruhusa ya Idd anitumie siku anayotaka, inbox." Sikukuu ya serikali itatangazwa kwenye gazeti rasmi, hiyo weka grupuni. Atakayeswali siku nyingine abadilishane zamu na mwenzake. Hakuna anayelazimika kujieleza kwa nini anafuata mwezi upi.

Dereva_wa_Changamwe

Bi Kikoi, hapo sawa, lakini hilo la siasa halitawezekana kwenye klaringi. 2019 walipotoa amri mizigo ya bara yote ipande treni ya SGR, sisi wa malori tulibaki tukitazamana. 2022 rais mpya akaapishwa, akatangaza kwamba shughuli za kutoa mizigo zirudi Mombasa. Hiyo ni siasa au ni kazi? Mimi nilijua kama nitalipa karo ya watoto kupitia grupu, si kupitia redio.

Bi_Kikoi

Ni kazi. Ongezeni mstari: "Tangazo la serikali linalogusa kazi liletwe lenyewe, bila maoni."

Dereva_wa_Changamwe

Bila maoni? Amri ikininyima mkate nilete kama taarifa ya hali ya hewa? Hata nikiandika "tumekwisha" ni maoni, au vipi?

Bi_Kikoi

Hapo sina jibu safi, nakiri. "Tumekwisha" ningeipitisha. "Tumekwisha kwa sababu ya watu wa fulani" ningeifuta. Katikati kuna mengi ambayo admini ataamua kwa macho yake, ndiyo maana ni vizuri wawe maadmini wawili wasio wa upande mmoja.

Wakili_wa_Barazani

Kwa nini msifunge grupu tu, maadmini peke yao ndio waandike? Kuna setingi ya hiyo.

Karani_wa_Shimanzi

Na dereva aliye getini aandike wapi? Tatizo langu lilianza na ujumbe wa dereva kutoonekana, wewe unaniambia nimzibe mdomo kabisa.

Bi_Kikoi

Setingi hiyo ni ya grupu la matangazo. Mnaweza kuwa na mawili, lakini lile la mizigo liacheni wazi.

Mambo mawili ya mwisho. Usiitume mara tu baada ya mtu kuandika kitu, hata kama ni maneno mazuri kiasi gani. Huyo aliyeandika mwisho atajua ni yeye. Ngoja grupu liwe kimya, watu wanaongea mizigo. Pia usiitume Ijumaa mchana wala Jumapili asubuhi. Na ukifuta ujumbe, kumbuka Wasapu inaonyesha kuwa admini ameufuta, kwa hiyo mwandikie mwenyewe kabla hajauliza: "Nimeufuta kwa sababu ya makubaliano ya Jumatatu, si kwa sababu ya ulichosema."

Karani_wa_Shimanzi

Nimempelekea bosi. Amekubali yote isipokuwa ofisi ya utawala, anataka malalamiko yaende kwa mkuu wa shughuli. Yaani kwa yule yule aliyefuta aya. Nimemwambia mtu hawezi kumshtaki admini kwa admini, akasema "tutaona". Dada wa akaunti nimemwonyesha rasimu kwanza, faraghani. Amesoma, ameuliza kitu kimoja tu: kama aya yake itahesabiwa kuwa ya kabla ya Jumatatu. Nimemwambia ndiyo.

Notisi naituma Jumatano saa nne asubuhi, magari yakishatoka. Huo mstari wa malalamiko sijaufuta bado, naupigania.

Dereva_wa_Changamwe

Na wenye malori wakigoma tena, hilo tunaliweka wapi?

Karani_wa_Shimanzi

Andika tu gari lipi halitoki.