Miguu inagoma baada ya Shela

Kundi: Matembezi ya Alfajiri, Mkomani na Langoni, Lamu

JUMATATU

Zuhura: Assalam aleikum jamaa. Leo nimerudi kwa mashua, sikuweza kumaliza. Kutoka jeti mpaka Shela nilikwenda vizuri. Tulipoingia kwenye mchanga, kama dakika ya 50 hivi, miguu ikawa mizito kama nimefungwa mawe. Hii ni mara ya nne sasa. Wiki tatu nimeacha wanga, nikadhani nitakuwa mwepesi.

Omari: Waaleikumsalaam dada. Pole. Mimi natoka bila kula chochote baada ya Alfajiri na sina shida.

Bi Fatuma: Wanga? Wanga gani tena mtaani kwetu? Zuhura mjukuu wangu, kama umeonana na wanga usiku, njoo nikusomee. Usitoke peke yako.

Zuhura: Shikamoo bibi. Si wanga wa usiku, ni chakula. Wali, mahamri, muhogo, vyote hivyo.

Bi Fatuma: Marahaba. Sasa umeacha wali, utatembea na nini?

Ami Salim: Bi Fatuma, mwache. Mwili una mafuta yake ya akiba. Akikosa wali, mwili utachoma mafuta, na ndiyo anayoyataka. Avumilie tu, atazoea.

Maryam: Ami, kuhusu mafuta umesema kweli, nusu yake. Kutembea taratibu mtu anaweza kwenda mwendo mrefu kwa mafuta. Lakini mafuta ni kama gogo la mkoko: linawaka muda mrefu, moto wake haupandi haraka. Wanga ni vifuu. Ukiongeza kasi au ukianza kukimbia, misuli inataka moto wa vifuu. Visipokuwepo, itabidi upunguze mwendo upende usipende. Hicho ndicho kilichompata Zuhura, na mchanga laini unakula nguvu kuliko njia ngumu, ndiyo maana akakwama pale pale.

Maryam: Wifi, hebu niandikie ulichokula jana, kuanzia asubuhi.

Zuhura: Mayai mawili na chai kavu. Mchana samaki wa kuchoma na mchicha. Usiku supu ya samaki, nusu embe, glasi ya maziwa.

Maryam: Kwa makadirio yangu wanga wote hapo haufiki gramu 60. Mtu anayetembea kwa kasi karibu saa mbili, siku nne za wiki, namkadiria gramu 4 hivi kwa kila kilo ya mwili kwa siku. Wewe una kilo ngapi?

Zuhura: 62. Nilikuwa 64. Kilo mbili zilitoka wiki ya kwanza tu, nikafurahi kweli.

Maryam: Basi ni karibu gramu 250. Umekula chini ya robo. Na zile kilo mbili usizihesabu kuwa mafuta. Misuli na ini huweka wanga kama akiba, misuli kama gramu 400, ini kama gramu 100, na kila gramu inashikana na kama gramu 3 za maji. Akiba ikiisha, maji yanatoka nayo, mizani inashuka. Ukirudia wali itapanda tena kidogo, usitishike.

Omari: Na mimi je? Mbona sikwami?

Maryam: Wewe unakimbia dakika ngapi?

Omari: 30. Mpaka Shela narudi kwa mashua.

Maryam: Na jana usiku ulikula nini?

Omari: Wali wa nazi na kuku. Sahani mbili.

Maryam: Ndiyo jibu lako. Ukilala, ini linalisha ubongo usiku kucha, kwa hiyo alfajiri linakuwa limepungua sana. Misuli yako bado imejaa wali wa jana. Kwa nusu saa inatosha. Kwa saa mbili ungehitaji kitu.

Khamisi: Mimi wiki iliyopita nilitetemeka pale Shela, jasho baridi, moyo unadunda. Ni huko kukosa wanga? Mimi natumia dawa za sukari.

Maryam: Kaka Khamisi, yako ni jambo jingine na usilichukulie sawa na la Zuhura. Zuhura miguu ndiyo mizito, kichwa chake kizima. Kutetemeka, jasho baridi na kuchanganyikiwa ni sukari ya damu kushuka, na baadhi ya dawa zinaweza kuishusha mno ukifanya mazoezi. Ikikupata tena, simama hapo hapo, kunywa maji yenye vijiko vya chai 4 vya sukari, upime baada ya dakika 15. Usitoke bila sukari mfukoni wala peke yako. Kipimo cha dawa usikipunguze mwenyewe, kawaambie kliniki kilichotokea, na uwatajie jina la dawa.

Khamisi: Nitakwenda kesho inshallah.

JUMATANO

Zuhura: Jana usiku nilikula wali vikombe viwili. Leo nikaamka nikala mahamri mawili na mbaazi za nazi, nikatoka baada ya dakika 20. Nguvu nilikuwa nazo, lakini tumbo! Lilinisokota mpaka Shela.

Ami Salim: Nilisema mimi. Usile kabla ya kutoka.

Maryam: Si kula, Ami, ni alichokula. Mbaazi zina nyuzi nyingi, nazi na mafuta ya kukaangia mahamri yanakaa tumboni muda mrefu. Hicho ni chakula cha kurudi. Kabla ya kutoka, tende nne au ndizi moja na chai yenye sukari inatosha, nusu saa kabla. Tende nyingine mbili tatu uzibebe, uzile ukianza kugeuka kurudi, usingoje miguu ianze kulia. Na maji.

Bi Fatuma: Sisi tukienda shamba tulikula muhogo wa kuchemsha usiku, na asubuhi chai na tende. Hakuna aliyetuhesabia gramu.

Maryam: Na mlikuwa mnafanya sawasawa bibi.

Ami Salim: Lakini si atanenepa?

Maryam: Akila kuliko anavyotumia, atanenepa, kwa wali au kwa samaki wa kupaka. Kilomita kumi hizo zinaweza kutumia gramu 60 au 70 za wanga peke yake, na mafuta mengine juu. Tumerudisha kilichotumika.

Ami Salim: Sijaridhika bado. Mimi nilicheza mpira miaka mingi nikiwa na njaa.

Maryam: Na dakika 15 za mwisho mlikuwa mnakimbia au mnatembea?

Ami Salim: Nitakujibu kesho.

IJUMAA

Zuhura: Alhamdulillahi. Usiku viazi vitamu viwili na samaki. Alfajiri tende nne na chai. Nilipofika mchangani nilikula tatu, kokwa nikazifunga kwenye pembe ya leso. Nimekwenda mpaka mwisho wetu, nikarudi kwa miguu mpaka jeti. Dakika 110. Sehemu ya mwisho nilichoka, lakini ni uchovu wa kawaida. Mizani imepanda nusu kilo.

Maryam: Hayo ni maji, kama nilivyokwambia. Ila wifi, ukiendelea kula hivi wiki mbili na bado ukahema kupanda ngazi za nyumbani, au macho yako yakawa meupe kwa ndani, nenda ukapime damu. Upungufu wa damu nao unaleta miguu mizito, na tende haziutibu.

Zuhura: Ngazi napanda vizuri. Nitaangalia.

Khamisi: Kliniki wamenibadilishia saa ya dawa. Wamesema nisitoke mpaka nipime kwanza. Jumatatu nitakuja polepole, mpaka Shela tu.

Omari: Jumatatu maji yanatoka asubuhi, tupite kwenye mchanga mgumu. Nani analeta tende?

Bi Fatuma: Nina za Madina. Mmoja apite kwangu akachukue kabla ya adhana.