Naomba ushauri: parachichi Njombe au kazi ya stoo Dar?

Wakubwa shikamooni, wenzangu habari zenu. Nina stashahada ya kilimo, niko nyumbani Njombe. Baba amenipa ekari moja nipande parachichi za Hass. Kwa nafasi ya mita 7 kwa 7 inaingia miche kama 80, ila hata iliyobebeshwa huchukua kama miaka mitatu kuanza kuzaa. Mjomba naye kanipatia kazi ya stoo Dar, mshahara wa kubana. Nimejaribu viazi mviringo. Mnyauko ulipiga, na wanunuzi wanang'ang'ania lumbesa. Natamani sana kubaki.

Je, kitalu cha miche ya kubebesha kinaweza kunitunza hadi miti izae? Au niende Dar, niwe natuma hela ya mbolea na palizi, baba asimamie?